Mara Laki Tatu Dhidi ya Nafsi Yake

Watazamaji wa bao hawangoji mchezo uishe ndipo wajue nani kabanwa. Wanatupa jicho ubaoni, wanaguna, na kabla kete haijapandwa tena wameshamtolea mmoja hukumu. Ukiwauliza wamejuaje, watakutajia hili na lile, nyumba imevunjwa, kete zimekaa vibaya, lakini hesabu yenyewe hawawezi kukuandikia. Wanajua tu.

Kwa mtu anayeandika programu ya kucheza, hapo ndipo penye kazi. Sheria za mchezo zinaandikika kwa siku chache. Kuorodhesha hatua zote zinazoruhusiwa nako ni jambo dogo kwa kompyuta. Tatizo ni kwamba baada ya kuziorodhesha lazima ichague moja, na haiwezi kuchagua bila kuwa na namna ya kuitazama hali itakayobaki ubaoni na kusema: hii ni nzuri kwa kiasi hiki, ile ni mbaya kwa kiasi kile. Mwisho wa miaka ya 1980 mtafiti mmoja wa Marekani, Gerald Tesauro, alikuwa akishughulika na swali hilo katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM kilichopo Yorktown Heights, jimbo la New York. Mchezo aliouchagua ni bakgamoni.

Waliowahi kukaa kwenye mikahawa ya Misri, Lebanoni au Uturuki wameuona: ubao wenye pembetatu 24, kete 15 kwa kila mchezaji, na dadu mbili zinazorushwa kila zamu. Kila upande unazungusha kete zake kuelekea upande wake wa nyumbani, kisha unazitoa nje ya ubao, na anayezimaliza kwanza ndiye mshindi. Kinachouchangamsha ni sheria moja. Kete iliyosimama peke yake kwenye pembetatu inaweza kupigwa na adui akiiangukia, na ikipigwa inarudi kuanza safari upya. Kete mbili zikikaa pamoja haziguswi, na adui hawezi hata kutua hapo. Kwa hiyo mchezaji kila zamu anapima kati ya kukimbia, kujificha na kumzibia mwenzake njia, huku asijue dadu zitasema nini.

Programu ya awali ya Tesauro iliyotumia mtandao wa neva iliitwa Neurogammon, na ilijifunza kwa kufundishwa. Iliwekewa hali za mchezo pamoja na hatua ambazo binadamu mjuzi angezichagua, ikarekebishwa hadi ikawa inachagua kama yeye. Mwaka 1989 ilishinda mashindano ya bakgamoni ya kompyuta jijini London. Ilikuwa nzuri, lakini bado ilikuwa mbali na mabingwa wa kibinadamu. Mwanafunzi wa aina hii hurithi makosa ya mwalimu pamoja na ujuzi wake, na mwalimu mwenyewe huchoka: hakuna mtu wa kukaa na kuandika hatua bora ya hali milioni moja.

Njia ya pili ilikuwa kumwondoa mwalimu kabisa. Wazo hilo halikuwa geni. Arthur Samuel, naye wa IBM, alichapisha mwaka 1959 kazi yake juu ya programu ya drafti iliyojiboresha kwa kucheza na nafsi yake, na mwaka 1988 Richard Sutton aliiweka kanuni ya namna hiyo ya kujifunza katika hesabu zilizo wazi. Tesauro aliichukua kanuni ya Sutton, akaifunga kwenye mtandao mdogo wa neva, na kuuacha ucheze. Programu hiyo akaiita TD-Gammon.

Mtandao wa neva hauoni ubao. Unaona namba, na mtu ndiye anayeamua ubao ugeuzwe namba vipi. Kwa kila pembetatu Tesauro alitenga namba nne za kete nyeupe na nne za kete nyeusi. Kete moja ikiwepo, namba ya kwanza huwa 1. Zikiwa mbili, ya pili nayo huwa 1. Zikiwa tatu au zaidi, ya tatu inafuata. Zikizidi tatu, namba ya nne hubeba nusu ya zile za ziada. Chukua mwanzo wa mchezo: pembetatu ya sita ya mweupe ina kete tano, kwa hiyo inaandikwa 1, 1, 1, 1, maana ziada ni mbili na nusu yake ni moja. Pembetatu ya nane ina kete tatu: 1, 1, 1, 0. Ile ya mbali kabisa ina mbili: 1, 1, 0, 0.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asingeandika tu 5, 3 na 2. Kwa sababu katika mchezo huu tofauti kati ya kete moja na mbili ni kubwa mno, ni tofauti ya kupigika na kutopigika, ilhali tofauti kati ya tano na sita ni ndogo. Uandishi huo unaziweka tofauti hizo wazi tangu mlangoni, mtandao usihangaike kuzigundua. Watu husema TD-Gammon ilianza bila kujua lolote kuhusu bakgamoni, na karibu ni kweli. Ila mimi naona katika namba hizo nne kuna mkono wa mtu aliyeujua mchezo.

Pembetatu 24 mara namba nane ni 192. Ongeza mbili za kete zilizopigwa, mbili za zilizokwisha toka nje, na mbili za kuonyesha zamu ni ya nani, jumla 198. Namba hizo huingia kwenye seli 40 za katikati. Kila seli huzidisha kila namba kwa uzito wake, hujumlisha, kisha huibana jumla hiyo iwe kati ya 0 na 1. Majibu ya seli 40 huunganishwa kwa njia hiyo hiyo kupata makisio ya mwisho. Mtandao wenyewe ulitoa makisio manne, ukitenganisha ushindi wa kawaida na ule mkubwa unaolipa mara mbili. Hapa tutachukua moja tu: uwezekano wa mweupe kushinda. Ujuzi wote wa programu ulikaa katika namba za uzito elfu nane na ushei, na mwanzoni zilijazwa kwa bahati nasibu.

Sasa ifuate programu katika zamu moja. Mweupe anarusha dadu. Programu inaorodhesha hatua zote halali, kwa kawaida kama ishirini, inazijaribu kichwani moja moja, na kuuliza mtandao kila hali mpya ina thamani gani. Inachagua yenye thamani kubwa. Zamu ya mweusi inafanya vilevile ila inachagua yenye thamani ndogo, kwa kuwa makisio ni ya ushindi wa mweupe. Mtandao ni mmoja, unacheza pande zote mbili, wala haupendelei.

Kujifunza kunatokea kati ya zamu na zamu. Tuseme kabla ya zamu mtandao ulikisia 0.52, na baada ya dadu kurushwa na kete kusogezwa unakisia 0.60. Makisio mawili ya mchezo ule ule yamepishana kwa 0.08. Lile la pili limetolewa baada ya kuona mengi zaidi, kwa hiyo linaaminiwa zaidi kidogo kuliko la kwanza, na la kwanza linasogezwa kulielekea. Linasogezwa sehemu ndogo tu. Kasi ya kujifunza ikiwa 0.1, lengo ni kutoka 0.52 kuelekea kama 0.528. Ili kufanya hivyo kila namba ya uzito inaguswa kidogo, juu au chini, kwa kadiri ilivyochangia makisio yale. Hali za zamu zilizotangulia nazo hupata sehemu ya marekebisho hayo, ikipungua kadiri unavyorudi nyuma.

Mpaka hapo ni makisio yanayofukuza makisio, na msomaji ana haki ya kushuku. Kama mtandao haujui kitu, 0.60 yake ina maana gani kuliko 0.52? Mwanzoni haina maana yoyote. Kinachoutia ukweli mchezo mzima ni zamu ya mwisho, kwa kuwa pale hakuna kukisia: mweupe ameshinda, andika 1, au ameshindwa, andika 0. Hali ya mwisho kabisa kabla ya ushindi ilikuwa imepewa, tuseme, 0.50. Sasa inavutwa kuelekea 1. Mchezo mwingine ukipita karibu na hali kama ile, iliyoitangulia itavutwa kuelekea thamani hiyo mpya, na ya kabla yake nayo baadaye. Ukweli unaingilia mlango wa nyuma, mwishoni mwa mchezo, na kusambaa polepole kuelekea mwanzo. Ndiyo sababu michezo mingi inahitajika.

Sababu ya pili ni bahati. Mweupe anaweza kuwa na hali nzuri kweli, 0.80, kisha adui akarusha dadu moja ya ajabu na thamani ikaanguka hadi 0.30. Hali ya kwanza itapunguzwa thamani japo haikuwa na kosa. Ikiwa kasi ya kujifunza ni ndogo, pigo hilo ni dogo, na maelfu ya michezo ambayo dadu hiyo haikutokea yataifidia. Kasi ikiwa kubwa, mtandao unaikimbilia kila bahati: leo unaiogopa hali fulani kwa sababu jana ilishindwa, kesho unaipenda kwa sababu leo imeshinda. Mtu anayefundisha mtandao wa namna hii akaona makisio yake kwa hali ile ile ya mwanzo yakipanda na kushuka bila kutulia, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapo.

Michezo ya mwanzo kabisa ilikuwa kichekesho. Kete zilisogezwa bila mpango, zikapigwa, zikarudi, zikapigwa tena, na mchezo ambao wachezaji wa kawaida wangeumaliza kwa makumi ya zamu uliweza kuchukua mamia, hata maelfu. Baada ya michezo elfu chache hali ilibadilika. Mtandao ulijua kumpiga adui, kutoacha kete peke yake ovyo, na kujenga vizuizi. Hakuna aliyeuambia kwamba kupiga ni kuzuri. Ulipofikisha michezo laki tatu, ukitumia zile namba 198 za ubao mtupu na seli 40, ulicheza sawa na Neurogammon iliyofundishwa na mtu.

Kisha Tesauro akaunganisha njia zote mbili. Aliuongezea mtandao namba za ziada zilizoelezea mambo ambayo wachezaji huyaangalia, kama vile ugumu wa kizuizi au hatari ya kupigwa, akaongeza seli zikawa 80, na kuurudisha kucheza wenyewe. Baadaye akafikisha michezo milioni moja na nusu. Pia aliiwezesha programu kutazama jibu la adui kabla ya kuamua, badala ya kutazama hatua yake pekee.

Utajuaje kama umeendelea? Kucheza na nafsi hakukwambii, kwa kuwa anayecheza na nafsi yake hushinda nusu na kushindwa nusu, awe mjinga au bingwa. Tena kosa la makisio kati ya zamu na zamu linaweza kupungua huku uchezaji ukibaki pale pale, maana mtandao unaoikisia kila hali 0.50 hautofautiani na nafsi yake hata kidogo mpaka mchezo unapofika mwisho. Kipimo lazima kitoke nje: mpinzani asiyebadilika, unayerudi kupambana naye kila baada ya michezo elfu kadhaa. Na katika mchezo wa dadu mapambano hayo lazima yawe mengi. Michezo hamsini haitoshi kutenganisha ustadi na bahati.

Jambo hilo tulikumbuke tunaposoma matokeo dhidi ya binadamu. Toleo la kwanza lililocheza na mabingwa lilipoteza alama 13 katika michezo 51. La pili lilipoteza 7 katika michezo 38. Toleo la 2.1 lilikutana na Bill Robertie, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili, na baada ya michezo 40 lilikuwa nyuma kwa alama moja. Mwelekeo unaonekana, lakini alama moja kati ya mchezo wa 40 ingeweza kuwa ya dadu tu.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko kwenye ufunguzi. Anayerusha 2 na 1 mwanzo wa mchezo alikuwa na desturi iliyokubaliwa na wataalamu: kusogeza kete moja hatua moja kutoka pembetatu ya sita hadi ya tano na kuiacha hapo peke yake, akitumaini zamu inayofuata ataifunika kwa kete ya pili na kulimiliki eneo lile muhimu. Hatari yake inahesabika. Kete za nyuma za adui ziko umbali wa hatua nne, na kati ya marusho 36 yanayowezekana ya dadu mbili, 15 yanampa nafasi ya kuipiga. TD-Gammon haikuipenda desturi hiyo. Ilipendelea kusogeza moja ya kete zake mbili za nyuma kabisa kwa hatua ile moja, isiache mtego kwenye ya tano. Wataalamu waliirudia hali hiyo mara nyingi mpaka mwisho wa mchezo wakilinganisha njia mbili, na wengi wakaiacha desturi yao. Mtandao usio na kitabu chochote cha ufunguzi uliwafanya watu wakifikirie upya cha kwao.

Baada ya hapo wengi walitamani kuipeleka njia hii kwenye michezo mingine, na kwa miaka mingi mafanikio hayakuja kwa urahisi ule. Sehemu ya maelezo ni dadu zenyewe. Mtandao unaochagua daima hatua unayoiona bora unaweza kujifungia katika njia moja, ukaicheza maelfu ya mara bila kuijua inayopita pembeni. Dadu zinauvunjia kizuizi hicho: zinauburuta hadi kwenye hali ambazo usingezichagua, na zinahakikisha mchezo, hata wa wajinga wawili, unafika mwisho. Jordan Pollack na Alan Blair walilionyesha hilo mwaka 1998. Waliacha kanuni ya Sutton, wakachukua mtandao mdogo zaidi, wakawa wanautikisa namba zake kidogo kwa kubahatisha na kusogea kuelekea mtandao uliotikiswa kila uliposhinda. Hata njia hiyo butu ilipata mchezaji wa kueleweka. Bakgamoni kwa asili yake ni mwalimu mpole.

Linganisha na bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lisilo na bahati hata punje. Mitandao miwili inayofanana ikianza namu kwa hatua zile zile itarudia mchezo ule ule neno kwa neno, leo na mwaka kesho. Mtu akitaka kuufundisha mtandao bao kwa njia hii, lazima alete ubahatishaji kwa mkono: kwa mfano katika kila zamu kumi moja ichezwe ovyo, au michezo ianzie hali tofauti tofauti, au mtandao wa leo upambanishwe na nakala zake za zamani ili usisahau ulichokwisha kukijua. Atakabiliwa pia na ukali wa mchezo wenyewe. Katika bakgamoni ukisogeza kete moja thamani ya hali hubadilika kidogo kidogo, na mtandao mdogo hupenda mambo yanayobadilika hivyo. Katika bao kete moja ikizidi shimoni, mtaji unaishia kwingine na ubao wa mbele unapinduka wote. Makisio ya namba elfu nane yatashindwa kuifuata mikunjo hiyo bila msaada wa kutazama hatua kadhaa mbele.

TD-Gammon yenyewe ilibaki na udhaifu ambao haukuonekana kwa kutazama uchezaji wake tu. Makisio yake hayakuwa sahihi sana yakichukuliwa moja moja. Hali iliyoipa 0.60 ingeweza kuwa 0.55 kwa kweli. Lakini hatua ishirini za zamu moja huzaa hali zinazofanana, na kosa la mtandao huziangukia zote kwa kiasi kilekile karibu, kwa hiyo mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa pili hubaki sawa. Kwa kuchagua hatua hilo linatosha. Halitoshi pale mchezaji anapotakiwa kuamua kupandisha dau mara mbili, au kukubali lililopandishwa, maana hapo hakuna hali pacha ya kulinganisha: inahitajika thamani yenyewe. Vivyo hivyo mwishoni, kete za pande mbili zikishapishana na kubaki mbio tupu za kuzitoa nje. Hapo jibu kamili linapatikana kwa hesabu, na mtandao uliowashangaza mabingwa katikati ya mchezo ulikuwa ukipitwa na jedwali la kawaida lililokokotolewa mapema. Programu za bakgamoni zilizofuata nyuma yake hufanya hivyo hivyo: mtandao kwa sehemu kubwa ya mchezo, jedwali kwa kete za mwisho.